Basi la watu 50 kutoka Mtwara hadi Temeke: tusimame wapi, na wenyeji tuwaambie tunafika saa ngapi?

MamaShughuli
Wakuu, habari za jioni. Tuna harusi Temeke katikati ya mwezi wa 9 na tumekubaliana kukodi basi kutoka hapa Mtwara mjini. Tupo watu 50: akina mama 32, wanaume 14 na watoto 4. Wapo bibi watatu wenye sukari. Wengi wetu ni watu wa swala, na majirani zetu Wakristo wapo kama kumi hivi. Mwenye basi anasema ni masaa nane tu, tukitoka saa 12 asubuhi basi saa 8 mchana tupo Dar. Wenyeji wameuliza wapike cha mchana au cha usiku, na mimi sitaki chakula cha watu 50 kipoe sufuriani. Siku bado hatujakata, ni Alhamisi au Ijumaa. Naombeni mnisaidie kupanga vituo vya choo, chakula na swala, na saa ya kufika ambayo ni ya kweli.

Kijana_wa_Shangani
Dada, hesabu si ngumu. Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 565. Basi linaruhusiwa kwenda 80 kwa saa. Gawa, unapata masaa 7 na kidogo. Weka saa moja ya kula na kuswali, jumla masaa 8. Mwenye basi hajakudanganya.

Suka_Mstaafu
Kijana, kilomita umezipata na kikomo cha mwendo umekipata. Ila hiyo 80 ndiyo ya juu kabisa, huwezi kuifanya wastani. Kwenye makazi ya watu ni 50, na barabara hii ina vijiji vingi vilivyokaa ukingoni kabisa mwa lami, vyenye matuta na vivuko vya wanafunzi. Dereva akipita 80 kifaa cha LATRA kinamripoti, kwa hiyo muda alioupoteza kijijini hawezi kuufidia porini. Basi kubwa lililojaa watu na mizigo hapa kwetu lipangie kilomita 60 kwa saa likiwa linatembea, bila vituo. Likipata zaidi, mshukuruni Mungu, ila msilipangie zaidi.

Mama Shughuli, katia safari vipande, usiibebe kwa mkupuo. Mtwara hadi Lindi ni kama kilomita 105, hesabu saa moja na dakika 45. Lindi hadi Nangurukuru ni kama 170, masaa mawili na dakika 50. Nangurukuru hadi Ikwiriri, ukivuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, ni kama 125, masaa mawili na dakika 5. Ikwiriri hadi Kongowe ni kama 150, masaa mawili na dakika 45, na kile kipande cha Mkuranga kuingia Kongowe kina magari mengi kuliko njia yote mliyotoka nayo. Jumlisha: masaa 9 na dakika 25 gurudumu likiwa linazunguka tu. Hamjashuka hata mara moja, na bado hamjafika Temeke.

Dada_Newala
Kwa nini mnajisumbua hivyo? Mimi nikienda Dar nakata tiketi siku mbili kabla, nachagua siti ya nyuma ya dereva, begi dogo nakaa nalo. Wanasimama dakika kumi kuchimba dawa, dakika ishirini kula, mnaendelea. Saa 10 jioni nipo Mbagala nakunywa chai.

MamaShughuli
Dada wa Newala, ahsante, ila hili ni la kukodi, sisi wenyewe ndio abiria wote. Hatuwezi kumwacha bibi porini kwa sababu dakika kumi zimeisha.

Suka_Mstaafu
Hapo ndipo penye tofauti kubwa. Basi la tiketi linapiga honi na kuondoka, na nusu ya abiria hawashuki kabisa. Basi la familia wote wanashuka, na haliondoki mpaka wa mwisho apande. Kwa hiyo muda wa kituo unaamuliwa na idadi ya milango ya vyoo.

Fanya hesabu hii. Mama mwenye baibui au kanga mbili, anayechota maji na kujisafisha, anatumia kama dakika 2 tangu afunge mlango mpaka aufungue. Akina mama 32 kwenye vyoo viwili ni dakika 32 za foleni. Vyoo vinne, dakika 16. Wanaume 14 kwenye vyoo viwili wamemaliza ndani ya dakika 10 na wanaanza kuuliza kwa nini hatuondoki. Ongeza dakika 2 za kuteremka, dakika 6 za kupanda na kuhesabu watu. Kituo chenye vyoo vinne vya wanawake ni dakika 25. Chenye viwili ni dakika 40. Ukiandika "dakika 10" kwenye ratiba, kwa vituo viwili tu umeshachelewa nusu saa, na hakuna aliyekosea.

Kwa hiyo piga simu kabla, kituo cha mafuta au hoteli unayotaka kusimama, uulize mambo mawili: vyoo vya wanawake vinavyofanya kazi leo ni vingapi, na maji yanatoka au ni ya ndoo. Maji ya ndoo yanaongeza karibu dakika moja kwa kila mtu, kwa sababu ndoo inasubiriwa ijazwe. Na choo cha kulipia, mweka hazina awalipie wote kwa mkupuo. Kama ni 200 kwa kichwa, watu 50 ni elfu kumi, anaitoa mlangoni na foleni inatembea. Kila mama akifungua kibindo na kutafuta chenji, dakika 16 zinakuwa 25.

Mzalendo_wa_Kilwa
Msihangaike, simameni Nangurukuru. Chakula kipo muda wote, wali, ugali, samaki, kuku, na wenyeji wamezoea mabasi. Kula hapo, swali hapo, ondokeni. Hivyo ndivyo wasafiri wa kusini wanavyofanya miaka yote.

Suka_Mstaafu
Chakula ni kweli kipo. Lakini tazama saa. Mkitoka Mtwara saa 12 asubuhi, mkasimama Lindi dakika 25, Nangurukuru mnafika kama saa 5 asubuhi. Wali unaingia, ila Adhuhuri bado saa moja na dakika 20. Mkila hapo mtasimama tena Adhuhuri ikiingia, na huko mbele kabla ya Muhoro mtasimama wapi na watu 50? Mtapoteza dakika 40 nyingine.

Ustadhi_Ligula
Niongezee hapo kwa upande wa swala, kwa sababu watu wanachanganya. Katikati ya mwezi wa 9 ukanda huu Adhuhuri inaingia kama saa 6:20 mchana, Alasiri kama saa 9 na nusu, Magharibi kama saa 12:20 jioni. Msafiri ana ruhusa ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na kuzipunguza kila moja rakaa mbili. Akikusanya kwa kutanguliza, anaziswali zote mbili ndani ya wakati wa Adhuhuri. Kabla ya Adhuhuri kuingia hakuna cha kukusanya. Kwa hiyo Nangurukuru saa 5 mtaswali nini?

Kituo kizuri ni kile mnachokifikia Adhuhuri ikiwa imeshaingia na bado mko mbali na Alasiri. Mkipanga kufika saa 7, hata mkichelewa saa moja na nusu bado mko ndani ya wakati, hakuna presha na hakuna dereva wa kukimbizwa. Mkipanga kufika saa 6:20 kamili, mkiwahi mnakaa mnasubiri.

Alfajiri haikusanywi na haipunguzwi. Wakati huo Mtwara inaingia kama saa 11 alfajiri na jua linachomoza kama saa 12:10. Swalini mjini, msikiti wa karibu na mnapopandia, ndipo muondoke. Msiseme "tutaswali njiani" halafu jua liwachomozee Mikindani.

Kijana_wa_Shangani
Sawa, nimekubali kwenye 60. Sasa kwa nini wasisafiri usiku? Mabasi ya usiku yanaruhusiwa tangu 2023, barabara nyeupe, hakuna foleni ya chakula. Watoke saa 3 usiku, asubuhi wapo Dar.

Ustadhi_Ligula
Piga hesabu yako mwenyewe. Kutoka saa 3 usiku, masaa 9 na nusu ya kutembea, vituo viwili vya choo, Kongowe ni kama saa 1 na nusu asubuhi. Maana yake Alfajiri inawakuta baina ya Kibiti na Mkuranga, kwenye wakati mfupi kuliko wote, watu 40 wamelala na maji ya udhu hayajulikani yako wapi. Inawezekana kama kuna msikiti mlioongea nao. Bila hivyo ni safari ya kukosesha watu swala.

Suka_Mstaafu
Na vyoo. Usiku sehemu nyingi zinafungwa, na kuchimba dawa porini gizani na bibi watatu sikushauri kabisa.

Mama Shughuli, mimi ningepanga hivi. Wote mripoti saa 11 kasoro, mizigo ya buti iwe imepakiwa jana yake jioni. Mifuko ya korosho za zawadi ndiyo inayochelewesha basi Mtwara, kila mtu anataka wake uwe juu. Mnaswali Alfajiri, basi linatoka saa 11:40.

Lindi saa 1:25 asubuhi, choo tu, dakika 25, mnatoka 1:50. Nangurukuru saa 4:40, choo, chai na kunyoosha miguu, dakika 25, mnatoka 5:05. Ikwiriri saa 7:10 mchana, hapa ndipo kituo kikubwa cha swala na chakula, saa moja kamili, mnatoka 8:10. Kongowe saa 10:55. Niwekee dakika 20 za vitu visivyoandikwa: askari, mizani, mtoto aliyetapika, mtu mmoja kuchimba dawa. Inakuwa 11:15. Kongowe hadi Temeke jioni, dakika 45. Mnafika saa 12 kamili jioni, Magharibi haijaingia.

Sasa angalia ukitoka saa 12:15 asubuhi, kama makundi mengi yanavyofanya wakisubiri wachelewaji. Dakika 35 tu, lakini kufika kunakuwa saa 12:35, Magharibi imewakuta Mbagala kwenye msongamano, basi haliwezi kupaki na msikiti uko upande wa pili wa barabara.

MamaShughuli
Hiyo saa moja ya Ikwiriri inatosha kweli? Maana umesema choo peke yake ni dakika 25.

Suka_Mstaafu
Inatosha ikiwa mambo yanakwenda kwa pamoja. Yakifuatana haitoshi. Choo dakika 16, udhu kwa watu 40 kwenye mabomba sita dakika 10, swala dakika 10 hadi 12, chakula dakika 30, kupanda dakika 7. Yakifuatana ni saa moja na robo, na hapo chakula kiwe tayari. Ukianza kuagiza mkiwa mmeshakaa, sahani 50 zinatoka kwa mafungu, wa kwanza ameshanawa mikono na wa mwisho hajaletewa. Ongeza nusu saa nyingine.

Dawa yake ni simu mbili. Ya kwanza siku moja kabla: sahani 50, aina mbili tu za chakula, wali kuku na wali samaki, idadi ya kila moja umeshaikusanya kwenye basi kwa karatasi. Ya pili ni mkitoka Nangurukuru: "tunafika baada ya masaa mawili, anzeni kupakua saa 7:20." Halafu mnagawanyika. Wale majirani zetu wasioswali, watoto, na akina mama walio kwenye siku zao wanaanza na chakula. Wanaoswali wanaanza na choo na udhu. Wa kwanza wakimaliza kula, foleni ya choo imeisha na wanaingia wao. Mwenye udhu aliyeutunza tangu Nangurukuru haendi kwenye bomba kabisa. Hivi ndivyo saa moja na robo inavyorudi kuwa dakika 50, na zile 10 zinabaki akiba.

Nesi_Mstaarabu
Nizungumzie bibi wenye sukari, maana mmewapita. Kwa ratiba hiyo chakula kikuu ni saa 7 mchana na wameamka saa 10 usiku. Wasikae na njaa masaa tisa. Kila mmoja apewe kifurushi kwenye basi: chapati moja au mbili, yai la kuchemsha, ale kama saa 1 asubuhi, na kitafunwa kingine Nangurukuru. Wanaotumia sindano waulize kliniki yao kabla kuhusu saa za dawa siku ya safari, na dawa ikae kwenye begi la mkononi. Buti la basi lina joto linaloiharibu. Wawe na kitu chenye sukari karibu, juisi au pipi, kwa ajili ya jasho jembamba na kutetemeka.

La pili, wazee wengi wakijua wanasafiri wanaacha kunywa maji ili wasisumbue. Hapo ndipo kizunguzungu kinapoanzia. Watangazieni mapema kwamba mpaka Ikwiriri mnasimama kila baada ya masaa mawili au matatu, muwatajie na mahali. Mtu akijua choo kinachofuata kiko Nangurukuru saa 4:40, atakunywa. Akiambiwa "tutasimama mbele" hatakunywa.

Mzalendo_wa_Kilwa
Nimewaelewa kuhusu saa. Ila bado nasema kwa chakula Nangurukuru au Somanga ni bora kuliko Ikwiriri, samaki wa Somanga hawana mfano. Mkitoka Mtwara saa moja na nusu asubuhi badala ya alfajiri, Adhuhuri inawakuta hapo hapo Nangurukuru.

Suka_Mstaafu
Hilo linawezekana na si baya kwa kundi ambalo halijali kufika usiku. Mkitoka 1:30, Nangurukuru ni kama saa 6:30, Adhuhuri imeingia, mnakula na kuswali hapo. Lakini gharama yake ni kufika Temeke karibu saa 2 usiku, na Magharibi inawakuta barabarani lazima. Mama ameuliza kwa ajili ya wenyeji na bibi, kwa hiyo mimi nabaki na alfajiri. Samaki wa Somanga mnaweza kununua dirishani, ila hizo ni dakika 10 na ziandikwe.

Konda_Mikindani
Mmepanga vizuri lakini mmesahau mtu mmoja, dereva. Kila dereva ana hoteli yake ambako yeye na konda wanakula bure kwa sababu ya kuleta abiria. Usipoandika, atawapeleka huko hata kama choo ni kimoja. Kwenye makubaliano ya kukodi andikeni majina ya vituo vitatu na dakika zake, kabla ya kulipa malipo ya mwanzo, na mumwambie chakula chake mtamlipia ninyi. Hiyo sentensi ya mwisho inamaliza ugomvi wote. Ulizeni pia kama kuna madereva wawili, safari inayozidi masaa nane kwenye usukani inawataka, na kama ana kibali cha LATRA cha safari ya kukodi kwa siku hiyo. Akikosa, mtaganda kwenye ukaguzi wa kwanza na ratiba yote hii ni karatasi.

MamaShughuli
Sijui niwashukuruje. Kwa hiyo wenyeji niwaambie saa 12 jioni?

Suka_Mstaafu
Hapana, usiwape saa moja, wape mbili. Waambie "mapema kabisa saa 12, tukichelewa saa 2 usiku, pikeni cha usiku". Halafu uwasahihishe mara mbili njiani. Mkiondoka Nangurukuru, chukua saa mliyoondoka, ongeza masaa 7, hiyo ndiyo saa ya Temeke pamoja na kituo cha Ikwiriri. Mkiondoka Ikwiriri, ongeza masaa 4. Hesabu kuanzia gurudumu linapotembea, usihesabu tangu mlipofika. Mkiwa mmechelewa Nangurukuru dakika 40, wapigie hapo hapo, usingoje "labda tutafidia". Hamtafidia.

Masika ni habari nyingine. Mei 2024 mvua zilikata barabara hii upande wa Kilwa na magari yakalala njiani. Mwezi wa 9 ni kiangazi, hiyo haiwahusu, lakini anayesoma uzi huu mwezi wa 4 aulize TANROADS kwanza.

MamaShughuli
Limebaki la siku. Wanaume wetu wengi wanataka Ijumaa ili wasikose kazi Alhamisi. Ijumaa njiani inakuwaje?

Ustadhi_Ligula
Swala ya Ijumaa haimlazimu msafiri, anaswali Adhuhuri. Ila kwetu Mashafii anayeondoka mjini kwake baada ya Alfajiri ya Ijumaa kuingia ana mjadala, isipokuwa kama ataipata Ijumaa njiani. Na kwa ratiba hii saa 7:10 Ikwiriri huenda mkakuta khutba imeisha.

Konda_Mikindani
Si waondoke saa 9 usiku, kabla ya Alfajiri? Wanafika Ikwiriri kabla ya saa 5.

Suka_Mstaafu
Halafu wakae saa moja na nusu wakisubiri adhana, na Alfajiri iwe imewakuta Lindi. Wakitoka saa 10 na nusu wanafika Ikwiriri kama saa 6, wanakula kwanza na wanaingia msikitini na wenyeji. Lakini Alfajiri inawakuta karibu na Mnazi Mmoja ile ya Lindi, na maji ya pale sijui mtu wa kumpigia.

Ustadhi_Ligula
Msikiti upo, nitauliza imamu kuhusu mabomba na upande wa akina mama. Mama Shughuli, mkiamua Alhamisi niambie nisimsumbue.

MamaShughuli
Tunakaa kikao Jumapili. Nitaweka hapa siku na idadi ya vyoo vya Ikwiriri, namba ya hoteli ya kwanza nimepiga, wana viwili tu vya wanawake. Anayejua nyingine yenye vinne anitumie inboksi.